Tangazo linasema "usitaje namba ya siri". Shangazi yangu hakuitaja, na pesa imeondoka

Binti wa Kibaigwa

Habari zenu wanajukwaa. Naomba kwanza niliweke hapa tangazo ambalo mtandao wa mawakala wa huduma za fedha kwa simu umelisambaza wiki hii, na ambalo nimeliona limebandikwa kwenye vibanda kadhaa pale Majengo na Sabasaba:

"TANGAZO KWA WATEJA WETU. Namba ya siri ni ya mteja peke yake. Usimtajie mtu yeyote anayekupigia simu namba yako ya siri, wala namba ya uhakiki inayotumwa kwenye simu yako kwa ujumbe mfupi na kutumika mara moja tu, hata kama atajitambulisha kuwa mtumishi wa kampuni ya simu, wa benki au wakala. Hakuna wakala anayeruhusiwa kukuuliza namba ya siri. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata, kisha piga 100 wewe mwenyewe."

Sina ugomvi na tangazo hili. Kinachonisumbua ni kwamba shangazi yangu alikuwa analijua neno kwa neno, kwa sababu wakala wake pale Kibaigwa humsomea kila akienda kutoa pesa, na bado alipoteza shilingi 885,000 bila kumtajia mtu namba ya siri. Alikuwa ameuza magunia 15 ya mahindi na pesa iliingia mchana. Saa moja jioni alipigiwa simu na mtu aliyemtaja kwa majina yake yote matatu, akamwambia kwamba malipo yake ya mahindi yamewekewa zuio na yanatakiwa kuhakikiwa kabla ya saa mbili. Baada ya dakika tisa hivi alikata simu akiwa ameshukuru. Alipoangalia salio asubuhi alikuta elfu ishirini na kitu.

Swali langu ni hili: iliwezekanaje, ikiwa namba ya siri hakuitaja?

Mpenda Haki

Pole sana, ndugu. Bila shaka aliitaja ila anaona aibu kukiri, jambo ambalo ni la kawaida kwa wazee wetu. Mtu akishaipata namba yako ya siri anaingia kwenye menyu kwa simu yake mwenyewe na kuhamisha kila kitu. Lakini usiwe na wasiwasi, kwa kuwa tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Nendeni polisi na namba iliyompigia, na chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 mtu huyo atapatikana ndani ya siku chache.

Fundi Laini

Nilifanya kazi ya kupokea simu za wateja kwa miaka minne kabla sijarudi Dodoma, kwa hiyo naomba nirekebishe mambo mawili aliyoyasema ndugu Mpenda Haki, ambaye kuhusu sheria yuko sahihi.

La kwanza, namba ya siri peke yake haimsaidii tapeli akiwa na simu yake. Menyu ile ya nyota inaitambua laini iliyopiga, haimtambui mtu. Nikiijua namba yako ya siri, halafu nikapiga menyu kwa laini yangu, nitafungua akaunti yangu mimi na namba yako haitafaa kitu. Ndiyo maana tapeli hawezi kukuacha ukakata simu: anahitaji laini yako ifanye kazi, na laini iko mkononi mwako.

La pili, laini iliyosajiliwa kwa vidole ina mwenye vidole, ila huyo si lazima awe ndiye anayeongea. Wako watu waliowekewa laini za ziada siku walipokwenda kusajili laini moja, wakaambiwa kidole hakijasoma vizuri na warudie. Kila mmoja wetu anaweza kupiga *106# na kuangalia ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Polisi wanaweza kufika kwa mwenye vidole na kumkuta bibi asiyejua lolote.

Binti wa Kibaigwa, muulize shangazi kwa upole, na usimuulize kama aliitaja namba. Muulize alibonyeza nini, kwa mpangilio, tangu mwanzo.

Mzee wa Bahi

Vijana, nami nina swali kuhusu hilo tangazo. Limesema namba zinazotumwa kwa ujumbe na kutumika mara moja. Mpangaji wangu hunipigia nimsomee namba za LUKU kila ninapomnunulia umeme, kwa sababu ujumbe unaingia kwenye simu yangu. Je, nazo nisimsomee? Maana nazo ni za mara moja.

Wakala wa Sabasaba

Shikamoo mzee wangu. Msomee bila shaka yoyote. Zile tarakimu 20 za LUKU zimetengenezwa kwa ajili ya mita moja tu, na mtu mwingine akizisikia na kuziingiza kwenye mita yake hazitakubali. Tena pesa yake umekwisha kuilipa. Tangazo linazungumzia zile namba fupi, mara nyingi tarakimu sita, ambazo zinathibitisha kwamba wewe ndiwe mwenye simu.

Mzee wa Bahi

Marahaba. Basi nitamsomea, ingawa bado ananidai niwe namnunulia kila wiki.

Binti wa Kibaigwa

Nimezungumza na shangazi jioni hii kama Fundi Laini alivyoelekeza, tukiwa na simu yake ile ya vitufe mezani. Nimeandika kila hatua.

Mpigaji alimwambia aangalie salio na kumtajia, "ili nijiridhishe kwamba nazungumza na mwenye laini." Akataja 912,400. Kisha akamwambia aingie kwenye menyu na kuchagua namba moja baada ya nyingine, lakini hakumwambia maneno yaliyoandikwa mbele ya namba hizo. "Bonyeza nne. Tuma. Bonyeza moja. Tuma." Shangazi husoma kwa shida usiku na miwani yake ilikuwa chumbani. Ilipofika sehemu ya kuandika namba, akaambiwa aandike "namba ya dawati la uhakiki", ambayo alisomewa tarakimu moja moja. Ikafuata sehemu nyingine, akaambiwa aandike "namba ya kumbukumbu": nane, nane, tano, sifuri, sifuri, sifuri.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaishiwa nguvu. Namba ya dawati ilikuwa namba ya wakala. Namba ya kumbukumbu ilikuwa kiasi cha pesa. Angemwambia aandike laki nane na elfu themanini na tano, shangazi angeshtuka mara moja, kwa kuwa ni mwanamke anayehesabu pesa zake mara tatu. Ila alisomewa sifuri, sifuri, sifuri, na simu haiweki mkato katikati ya tarakimu, basi kwake ikawa namba kama zile sita za uhakiki.

Mwisho kabisa mtu huyo akamwambia maneno ambayo shangazi ameyarudia kwangu mara nyingi: "Mama, sasa simu itakuomba namba yako ya siri. Usinitajie, mimi siruhusiwi kuijua. Bonyeza mwenyewe kimyakimya." Kwa shangazi hayo ndiyo maneno yaliyothibitisha kwamba anaongea na mtu halali, maana yanafanana kabisa na tangazo la wakala wake.

Fundi Laini

Hiyo ndiyo hasa niliyokuwa nikiihofia. Tangazo linakataza kutamka, na tapeli ameshajifunza kutokukutamkisha. Kuitamka namba ya siri mbele ya mtu na kuibonyeza chini ya maelekezo ya mtu ni jambo moja, kwa sababu namba ya siri kwenye menyu ni sawa na sahihi: ukishaiweka, umekubali kilichoandikwa juu yake, hata kama hukukisoma.

Na mara nyingi kilichoandikwa huwa kinasema kweli. Kabla muamala haujakamilika, simu huonyesha kiasi na jina la anayepokea au la wakala. Ndiyo maana mpigaji huwa na haraka hasa katika hatua hiyo, na anaposikia kimya anakuuliza "umeshabonyeza?" mara mbili tatu. Yapo pia yale maombi ya malipo yanayochomoza yenyewe kwenye kioo bila wewe kuingia kwenye menyu, yakikutaka uweke namba ya siri ulipie kitu fulani. Hayo humhitaji tapeli kuwa na namba yako ya simu tu. Ukiona ombi ambalo hukulianzisha wewe, lifute, na usikubali maelezo yoyote ya mtu aliyeko kwenye simu muda huo.

Kuhusu majina matatu, yasimwogopeshe mtu tena. Yeyote anayeanza kukutumia pesa huonyeshwa jina lako lililosajiliwa kabla ya kuweka namba yake ya siri, na anaweza kughairi hapo hapo bila kutuma hata shilingi. Kumbe jina lako analipata bure ndani ya nusu dakika.

Neema wa Nkuhungu

Mimi yaliyonikuta yanatofautiana kidogo, na naomba Fundi Laini anifafanulie. Mwezi uliopita nilipokea ujumbe wenye namba ya uhakiki ambayo sikuiomba, na sekunde chache baadaye nikapigiwa na dada mwenye sauti nzuri akisema kwamba namba hiyo imekuja kwangu kimakosa, ni ya mteja wao mwingine, na nimsomee ili amsaidie. Nilikataa kwa sababu ujumbe wenyewe ulikuwa umeandikwa nisimpe mtu. Swali langu ni kwamba angeifanyia nini, ikiwa umesema laini iko mkononi mwangu?

Fundi Laini

Ulifanya vema, na swali lako ni zuri kwa sababu linaonekana kupingana na nilichosema juu.

Menyu ya nyota inaitambua laini. Lakini siku hizi kampuni za simu zina programu za kupakua, na mtu anaweza kuipakua kwenye simu yoyote iliyounganishwa na intaneti. Programu haiwezi kujua kwamba laini yako iko kwenye simu hiyo, kwa hiyo inatuma namba ya uhakiki kwa ujumbe na kungoja. Atakayeiandika anahesabiwa kuwa ndiye mwenye laini. Dada yule alikuwa ameandika namba yako kwenye programu iliyoko kwenye simu yake, na alikuwa anasubiri wewe umpe kipande kilichobaki. Namba hiyo huisha muda baada ya dakika chache, ndiyo maana alikupigia papo hapo wala hakusubiri jioni.

Hata hivyo bado angehitaji namba yako ya siri ili ahamishe pesa, na hapa ndipo watu wanapojidanganya kwamba namba ya uhakiki peke yake haina madhara. Wako waliojiwekea mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, na namba hiyo tunaiacha kwenye madaftari ya kila ofisi na kila nyumba ya wageni. Aliyeiona hahitaji kukuuliza chochote.

Wengine huambiwa wabonyeze namba ya siri kwenye vitufe simu ikiwa bado hewani, wakiamini kwamba hawajaitaja. Ile milio ya vitufe humfikia aliye upande wa pili, na kila tarakimu ina mlio wake.

Mpenda Haki

Nakubali nilikosea kuhusu menyu. Lakini bado sijaelewa kwa nini tapeli wa shangazi alimfanya atoe kwa wakala badala ya kujitumia moja kwa moja. Pia huyo wakala ndiye mshiriki namba moja, na ndiye anayepaswa kukamatwa kwanza.

Wakala wa Sabasaba

Ndugu yangu, nakuomba usiharakishe kutufunga. Sababu ya kutumia wakala ni kwamba pesa ikitumwa kwenye laini nyingine inabaki kwenye mfumo mpaka itolewe, na mteja akipiga 100 mapema inaweza kuzuiwa humo humo. Ikitolewa kwa wakala inageuka noti mara moja. Na menyu haijali umbali: mteja akiwa Kibaigwa anaweza kuandika namba ya wakala wa mkoa wowote, na pesa ikahesabiwa kuwa imetolewa kwenye kibanda hicho. Kwangu mimi floti inaongezeka, ujumbe unaingia wenye jina la mteja na kiasi, na natoa fedha taslimu kwa aliyesimama mbele yangu. Hapo ndipo penye udhaifu.

Nitasimulia la kwangu. Mwaka jana alikuja kijana nadhifu, akaniuliza namba yangu ya uwakala iliyobandikwa ukutani kana kwamba haioni, huku simu ikiwa sikioni. Akairudia kwa sauti, tarakimu moja moja, akisema mama yake anamtolea pesa kutoka kijijini. Baada ya muda ujumbe ukaingia: shilingi 340,000, jina la mwanamke. Nikamwomba kitambulisho, akasema amekisahau. Nikamwambia nampigia mama yake ili tu anihakikishie. Nilipiga mara tatu na kila mara laini ilikuwa inatumika, ilhali kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kushusha simu yake. Nikajiuliza mama huyo anaongea na nani muda wote huo. Kijana alipoona nampigia kwa mara ya nne alisema anakwenda kununua maji, na hakurudi. Mama alipatikana baada ya dakika kumi, alikuwa Mpwapwa, na alikuwa akizungumza na "makao makuu". Nilimwekea pesa yake yote kwenye laini yake nikaandika kwenye daftari.

Kwa hiyo naomba tuwe wa haki. Utaratibu unamtaka wakala aone kitambulisho na aandike kwenye daftari la miamala, na jina la aliye mbele yake lilingane na jina lililoko kwenye ujumbe. Wakala akiufuata, utapeli wa shangazi unafia kaunta. Ila ukweli mwingine ni kwamba hapa mjini watu humtolea mzazi aliyeko kijijini kila siku kwa njia hiyo hiyo, tena kwa nia njema, na nikiwakataa wote wanahamia kibanda cha jirani. Kamisheni yetu mnaijua ilivyo.

Mpenda Haki

Basi aliyemlipa tapeli bila kuangalia kitambulisho alipe yeye. Hilo kwangu liko wazi.

Wakala wa Sabasaba

Kwako liko wazi. Kwangu muamala uliwekwa namba ya siri na mwenye laini, na wakala alitoa pesa yake mwenyewe taslimu. Sina hakika kama baraza lolote litalimaliza kwa sentensi moja.

Binti wa Kibaigwa

Nawashukuru. Naomba basi mniambie kilichobaki kufanyika, maana leo ni siku ya tatu.

Fundi Laini

Siku ya tatu umechelewa kwa pesa iliyokwisha kutolewa, sitakudanganya. Lakini fanyeni haya. Pigeni 100 kwa laini ya shangazi, muwape namba ya kumbukumbu ya muamala iliyoko kwenye ujumbe wa uthibitisho, ile yenye herufi na tarakimu zilizochanganyika. Msiufute ujumbe huo. Humo mna jina na namba ya wakala, na siku na saa. Waulizeni pia kama kuna mkopo uliochukuliwa kwenye laini, kwa sababu tapeli akikuta salio halitoshi huwa anamwelekeza mtu akubali kukopeshwa kiasi kilichopungua, na deni linabaki kwa mwenye laini.

Polisi watawaandikia RB, na kwa RB hiyo ndipo kampuni inapoweza kutoa taarifa za muamala kwa mpelelezi, kwa kuwa ninyi wenyewe hamwezi kupewa taarifa za mtu mwingine. Namba iliyompigia mpelekeni kwenye 15040 ya TCRA ili ifungwe. Na abadilishe namba ya siri leo, hata kama hakuitaja.

Jambo la mwisho, shangazi atapigiwa tena. Safari hii atakuwa mtu anayesema yuko kitengo cha kurejesha pesa zilizotapeliwa, na atajua kiasi kamili.

Binti wa Kibaigwa

Amekwisha kupigiwa. Jana mchana. Alikata, lakini aliniuliza kama hakukosea kukata, huenda walikuwa wenyewe kweli.

Fundi Laini

Hakukosea. Kwa kawaida kampuni humpigia mteja kwa namba 100, si kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Na hata akiona 100 na bado ana shaka, akate apige yeye, hatapoteza kitu.

Wakala wa Sabasaba

Nimesoma uzi huu wote na nimeona tangazo la mtandao wetu linahitaji sentensi moja zaidi. Nimeandika hivi, mnikosoe kabla sijalipeleka kwa viongozi wetu: "Usibonyeze namba yako ya siri wakati mtu yuko kwenye simu anakuelekeza, hata kama amekuambia usimtajie."

Neema wa Nkuhungu

Ni nzuri, ila mimi hununua bidhaa za jumla na muuzaji hunielekeza kwenye simu namba ya kulipia. Kwa sentensi yako nimevunja sheria kila wiki.

Wakala wa Sabasaba

Andika namba yake kwenye karatasi, kata simu, kisha lipa. Atasubiri dakika moja.

Neema wa Nkuhungu

Huyo muuzaji humjui.

Mzee wa Bahi

Iandike kwa herufi kubwa, mwanangu, si kama hili la sasa ambalo nililisomewa na mjukuu. Na wale wasiosoma kabisa uwaambie kwa mdomo wanapokuja kuweka pesa, si wanapokuja kutoa, kwa sababu anayetoa huwa ana haraka na hasikilizi.

Wakala wa Sabasaba

Nimekuelewa, mzee. Nitaanza Jumatatu, siku ya wenye alizeti.